Jam ambayo haikuingia kwenye picha

"Sasa hiyo ndiyo mnaita jam?"

Ujumbe wa binamu yangu uliingia kabla sijairudisha simu mfukoni. Nilikuwa kwenye basi la kutoka Busia, kiti cha dirishani upande wa kulia, na basi lilikuwa limesimama tukiwa tumeshaiona Kisumu lakini hatujaingia. Nilikuwa nimepiga picha ya kilichokuwa mbele ya macho yangu, nikaiandikia maneno manne, nikaipandisha kwenye stetasi. Majirani wa Luanda, ninakoishi, walikuwa wameshaanza kunitumia vikatuni vya kucheka. Ndipo akaingia yeye.

Binamu anaishi Rongai na kazi yake iko upande wa Barabara ya Mombasa. Mtu wa Rongai ana haki zake katika mazungumzo ya jam, kama mtu wa Lodwar alivyo na haki zake katika mazungumzo ya joto. Sikumjibu. Nilijiambia nitamjibu jioni.

Jioni ikapita.

Wiki nazo zikaanza kupita, na swali lake likabaki limenikwama. Halikuniudhi, maana utani wa watu wa Nairobi tumeuzoea. Wakija Krismasi hushangaa hata tukiwa na lifti. Lilinikwama kwa sababu kila nilipotafuta jibu nilirudi kuitazama ile picha, na kila nilipoitazama niliona kuna kitu kikubwa hakimo ndani yake.

## Nguzo iliyosimama wima

Kwanza niwaeleze picha yenyewe, maana stetasi hufa baada ya saa 24 na wengi wenu hamkuiona.

Mbele kuna ukingo wa dirisha na alama za vidole vya abiria waliotangulia. Nyuma yake kuna mgongo wa tuktuk, lori la miwa lililopakiwa hadi linaonekana limevaa kofia, na kijana wa bodaboda aliyebeba godoro lililokunjwa. Mbali kabisa, ziwa, jembamba kama mstari wa kalamu. Katikati ya yote hayo kuna nguzo ya taa.

Nguzo hiyo ndiyo ushahidi wangu mkubwa, na nitawaambia kwa nini.

Kamera ya simu haichukui picha nzima kwa mpigo mmoja. Husoma mstari baada ya mstari, na ukiishika simu kwa ulalo kwa kawaida ni kutoka juu kwenda chini, na kazi hiyo huchukua muda kidogo. Tuseme sehemu moja ya 30 ya sekunde. Kuna simu zenye kasi zaidi ya hapo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Kwa hiyo kati ya kusomwa kwa kichwa cha nguzo na kusomwa kwa miguu yake, wewe na simu yako mmeshasonga zaidi ya nusu mita. Nguzo iliyo karibu na barabara hutoka imelala ubavu, utadhani iko njiani kuanguka.

Basi likiwa limesimama, nguzo husimama.

Ndiyo maana sasa siwezi kuangalia picha za watu za "jam mbaya leo" bila kuanza kuchunguza nguzo. Ukiona nguzo ya karibu imeinama na huku majengo ya mbali yamesimama sawasawa, huyo alikuwa anakimbia, analia bure. Ukiona vyote vimeinama pamoja, nguzo na majengo na mlima, hapo ni mkono wake tu uliopinda simu. Yangu ilikuwa wima kama askari wa gwaride. Binamu angejua kusoma nguzo, asingeniuliza alichoniuliza.

Mengine ya kupiga picha kupitia kioo ni madogo lakini huharibu kazi. Ukiweka simu mbali na kioo unapata picha ya shati lako likielea juu ya ziwa. Dawa ni kuisogeza lenzi karibu kabisa na kioo na kuziba mwanga wa pembeni kwa kiganja au mkono wa sweta. Lakini usiigandamize simu kwenye kioo chenyewe. Basi lililosimama na injini inanguruma hutetemeka sana, na mtetemo wote huo utaingia kwenye picha. Weka kidole kimoja katikati kiwe mto. Kisha gusa skrini pale palipo mbali, ushikilie kidogo, ili simu isije ikadhani unataka picha ya alama za vidole.

## Maneno niliyoyatupa

Picha ilichukua sekunde. Maneno yalichukua muda mrefu zaidi, na muda nilikuwa nao.

Ya kwanza kunijia yalikuwa "Jam ya Kisumu leo imezidi." Hayo ni malalamiko, na malalamiko hayaongezi kitu juu ya picha inayolalamika yenyewe. Mtu akiona lori la miwa limesimama, hahitaji kuambiwa kwamba limesimama.

Nikajaribu "Nimekaa kwenye jam mpaka nimeota mvi." Utiaji chumvi wa aina hii umetumika mpaka umeisha ladha. Kila mtu ameota mvi kwenye jam, na kuna waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa kwenye jam. Chumvi ya kuokota hivi haina mahali. Ungeweza kuibandika kwenye picha ya Mombasa au ya Lagos na hakuna ambaye angeshtuka.

La tatu lilikuwa la kumhusu kijana wa godoro. Lilichekesha, kusema kweli. Lilikuwa juu ya mtu kutembea na kitanda endapo atalala njiani. Nililiandika lote, nikaliangalia, nikalifuta. Yule kijana alikuwa kazini. Kati yetu sote tuliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilipwa kwa kufika na si kwa kukaa, na uso wake ulikuwa unaonekana vizuri. Watu wangemjua. Kesho yake angekuta godoro lake limeshazunguka makundi ya Kisumu nzima na yeye hana habari lilitoka wapi. Kicheko kinachotokana na jam kinamfaa aliye ndani ya gari, aliyelipa nauli kwa hiari yake.

Kisha nikakumbuka tulikotoka.

Anayesafiri kutoka Luanda kwenda Kisumu hupita Maseno, na Maseno imekaliwa na ikweta. Kibao kipo barabarani, tumekipita maisha yetu yote, hatukitazami tena isipokuwa tukiwa na mgeni. Maana yake ni kwamba kila asubuhi mimi huamka kaskazini mwa dunia na kuripoti kazini kusini mwa dunia. Mabaharia wa zamani walikuwa wakifanyiana sherehe na kumwagiana maji kwa kuvuka mstari huo. Mimi nauvuka nikiwa nimepakatwa na gunia la mtu.

Basi nikaandika: "Asubuhi hii nimeshavuka ikweta na kuhama upande mmoja wa dunia hadi mwingine, lakini kuivuka raundabauti ndiyo bado imenishinda."

Ukweli ulikuwa pale, kicheko kilikuwa mbali. Sentensi ilikuwa ndefu kama jam yenyewe, na kwenye simu maelezo marefu hukatwa, yaliyobaki yakajificha mpaka mtu agonge "zaidi". Kicheko kilichojificha nyuma ya "zaidi" ni sawa na kutokuwepo, maana wengi hawagongi. Pia nilikuwa nawaeleza watu wa Luanda kuhusu ikweta yao wenyewe, jambo ambalo ni la matusi kidogo.

Nikaanza kukata. Nikaitoa asubuhi, picha inaionyesha. Nikazitoa pande za dunia, kila aliyesoma darasa la nne anazijua. Nikatoa "lakini", kwa sababu msomaji akiyaona mambo mawili yamewekwa jirani huijenga "lakini" mwenyewe, na aliyeijenga mwenyewe ndiye anayecheka. Ikabaki:

"Ikweta nimeshavuka. Raundabauti bado."

Kikabaki kikwazo kimoja. Mgongoni mwa ile tuktuk palikuwa na maandishi makubwa ya manjano: USIHARAKISHE. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani nimepata zawadi. Lakini picha yenye kichekesho chake haitaki kichekesho cha pili. Jicho lilikuwa likienda kwanza kwenye tuktuk, linacheka, kisha likifika kwenye maneno yangu limeshamaliza kicheko. Ilibidi mmoja wetu aondoke. Nikaikata picha kutoka kushoto mpaka maandishi yakatoka, na nambari ya gari ikatoka nayo, na uso wa kijana wa godoro pia. Godoro lilibaki. Godoro halina jina.

## Gari la saba

Sasa turudi kwa binamu. Swali lake lilinifanya nianze kuangalia ile raundabauti badala ya kuilaumu tu, na nikapata mahali pa kuiangalia: ghorofani kwa rafiki yangu fundi cherehani, ambaye dirisha lake linatazama njia mojawapo ya kutokea. Raundabauti yenyewe siitaji kwa jina. Kila njia ya kuingia mjini ina yake, na kila mmoja wenu ameshaichagua ya kwake.

Raundabauti ni kitu chenye heshima kikiachwa kifanye kazi. Sheria yake ni moja: unayeingia mpishe anayetoka kulia kwako, aliye tayari ndani ya mzunguko. Hakuna taa, hakuna umeme wa kupotea. Lakini mpango wote unasimama juu ya dhana moja, kwamba aliyeingia ataweza kutoka.

Hapo ndipo mambo huharibika. Tuseme matatu imetoka kwenye mzunguko, imekwenda mita 40, ikasimama kushusha mama mwenye ndoo mbili za omena. Haijakosea sana, mama ana haki ya kushuka na hapana mahali pengine. Nyuma yake magari yanapanga. Gari dogo kwenye foleni hula kama mita sita au saba ukihesabu na nafasi ya mbele yake. Kwa hiyo ile njia ya mita 40 inameza magari sita.

La saba linasimama ndani ya mzunguko.

Na likisimama ndani ya mzunguko limeziba mdomo wa njia inayofuata. Wa njia hiyo hawawezi kuingia, hata kama wanakoelekea ni kweupe kabisa. Aliye nyuma ya gari la saba naye anaziba mdomo mwingine. Punde, nyoka amejimeza mkia. Kila dereva anamngoja aliye mbele yake, na ukifuatisha mlolongo wa wanaongojana unarudi pale pale ulipoanzia. Mama wa omena ameshafika sokoni, matatu imeshaondoka, na fundo limebaki peke yake bila aliyelifunga.

Kisha askari anakuja kwa mkono wake. Analifungua, na nampongeza, lakini dawa yake ina ladha mbaya. Akiufungulia upande mmoja, huufungulia mpaka foleni iishe, na wakati huo pande nyingine tatu zinarefuka. Foleni ikirefuka inafika kwenye makutano ya nyuma na kuyafunga nayo. Ndiyo maana sisi wa Barabara ya Busia husimama mahali ambapo hatuoni raundabauti wala askari, tunaona mgongo wa tuktuk tu.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa sababu halina mtu wa kulaumiwa. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, bila makutano, bila steji, bila mama yeyote wa omena, wakawaambia madereva waende kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa na kuufuatisha. Kwa muda walikwenda vizuri. Kisha mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kwa tahadhari, wa nyuma yake zaidi, mpaka kuna waliosimama kabisa. Ile sehemu ya kusimama ikawa inatembea kinyumenyume kuzunguka duara, magari yakienda mbele na jam ikirudi nyuma.

Nilimsimulia fundi cherehani. Akasema bila kuinua macho kwenye mashine, "Kwa hiyo hata Wajapani."

## Dakika za steji

Hapo nilidhani nimepata jibu la binamu. Ningemwambia raundabauti haiangalii ukubwa wa mji. Ikipata magari saba yanayotaka njia moja, inafunga, iwe Nairobi, Kisumu au Nagoya kule Japani.

Lakini siku moja nikiwa kwenye matatu ya kawaida, ile ya abiria 14, niliamua kuandika saa. Niliingia Luanda saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Tukafika pale tunaposimamaga, karibu na mji, saa moja na robo. Nikashuka mwisho wa safari saa moja na dakika thelathini na tano.

Ziangalieni vizuri. Barabarani, dakika 40. Kwenye jam, dakika 20. Na kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja, dakika 25.

Steji ilinila kuliko jam.

Na hakuna anayepiga picha steji. Unapiga picha ya nini? Gari limeegeshwa. Kuna viti vitatu wazi. Nje kuna makanga anayesema "mmoja wa mwisho" na imani ya nabii. Nguzo ya taa itatoka wima kama ile nyingine, lakini hakuna atakayeona kwamba huo nao ni msongamano: watu wamekwama mahali pamoja, hawaendi, na wamelipa au wanakaribia kulipa.

Hesabu yake ni rahisi na ya kusikitisha. Gari lina viti 14 na haliondoki mpaka lijae. Tuseme abiria huja mmoja kila dakika mbili. Wa kwanza kuingia anawangoja 13 wengine, yaani dakika 26. Wa mwisho hangoji hata dakika. Ukichukua wastani wa wote, kila mtu anapoteza dakika 13. Anayewahi ndiye anayeadhibiwa, na anayejikokota huingia kiti cha mwisho, mlango unafungwa nyuma yake, safari inaanza kama aliyetumiwa gari maalumu. Tumefunzwa utotoni kwamba mwenye kuwahi hufaidi. Aliyetufunza hakuwa akisafiri kwa matatu.

Sote tunajua dawa iliyobuniwa na makanga. Anawaweka vijana wake ndani, wanakaa kama abiria, mmoja hata ana begi, gari linaonekana limebakiza mtu mmoja. Unaingia mbio. Ukishakaa, abiria mmoja anakumbuka kwamba hasafiri. Halafu wa pili. Unabaki unatazama viti vikiongezeka. Hasira yangu kwao ilipungua nilipofanya ile hesabu. Gari tupu halimvutii mtu, kwa sababu kila anayelitazama anaona dakika 26 zake. Gari lililobakiza mmoja linawavuta wote. Mtu asiyekuwa na gari lililobakiza mmoja ilibidi alitengeneze.

Ile asubuhi ya picha nilipanda basi la Busia kwa sababu hiyo hiyo. Hufika Luanda likiwa na watu tayari na haliketi kungoja wengi. Kulipa kwake ni njiani: linasimama kila anaposimama mtu, na wakati mwingine hata anaposimama mtu asiyesafiri, aliyeinua mkono kumsalimia jirani.

Mle ndani pia kuna kidhibiti mwendo. Tangu kanuni za marehemu waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, magari yetu ya abiria hufungwa chombo hicho ili yasizidi kilomita 80 kwa saa. Sina ubaya nacho, kimeokoa watu. Nasema tu kwamba kwenye ile dakika 25 ya steji na ile dakika 20 ya jam, hicho ndicho chombo kinachofanya kazi nyepesi kuliko vyote nchini.

Nilipoyaandika haya kwa kifupi kwenye kundi letu la waliosoma pamoja, mwalimu wetu wa jiografia wa zamani alijitokeza. Huwa haandiki ila pakiwa na kosa la ramani. Akaandika hivi, nanukuu kwa ruhusa yake: "Acheni kulalamika. Mzingo wa dunia pale ikweta ni kilomita 40,075, na dunia huzunguka mara moja kwa siku. Basi lenu likiwa limesimama Maseno linakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Kisumu iko upande huo."

Mtu mmoja akauliza kama kidhibiti mwendo kina habari. Mwalimu akatoka kwenye mazungumzo kwa heshima.

## "Niko Otonglo"

Kuna sehemu nyingine ya safari ambayo picha haiwezi kuichukua, kwa sababu ni sauti.

Simu inalia ndani ya matatu tukiwa bado Maseno. Anayepokea ni mwanamume wa makamo, suti, faili mapajani. "Ndiyo bosi. Niko Otonglo hapa. Naingia sasa hivi." Otonglo iko mbele kabisa, karibu na Kisumu, lakini hakuna anayegeuka. Watu 13 wanajua tuko wapi, na watu 13 wanatazama nje kwa makini kama wanaotafuta Otonglo. Mama aliyekuwa akiongea na jirani yake kwa sauti amenyamaza mpaka simu ikatike. Ni adabu ambayo hatukufundishwa na mtu.

Anayeivunja ni makanga peke yake, tena bila nia mbaya. Kazi yake ni kutangaza. Ananing'inia mlangoni na kupaza sauti, "Maseno! Kuna wa kushuka Maseno?" Bosi aliye upande wa pili wa simu anasikia.

Stetasi imeliharibu zaidi jambo hili, kwa sababu picha ina saa yake. Yule wa suti, kama angekuwa amepiga picha ya kibao cha ikweta dakika hiyo, angekuwa amejishtaki kwa maandishi. Mimi mkubwa wangu wa kazi ni mmoja wa walioitazama ile picha yangu mapema. Hakuandika kitu. Nilipofika aliniuliza tu, "Umevuka?" akaendelea na chai yake. Nikajua utani wa jam ukiandikwa vizuri hufanya kazi ambayo uongo wa simu hauwezi: unakiri kwamba umechelewa kabla hujaulizwa, na aliyecheka hana tena uso wa kukufokea. Sijui utafanya kazi mara ngapi. Nahofia si nyingi.

## Binamu, na makanga

Hatimaye nilimpigia binamu, maana hesabu za steji haziandikiki kwenye ujumbe. Nikamweleza yote: gari la saba, abiria wa kwanza na dakika zake 26, steji inayokula kuliko raundabauti. Nikamwambia jam yetu ya barabarani ni ndogo, nakubali, lakini safari yetu ni ndefu kwa sababu nyingine ambayo dirisha haliioni.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba yeye huondoka nyumbani saa kumi na moja kasoro, gari likiwa linajaa haraka, hangoji kabisa. Anachongoja ni barabara. Tukaanza kulinganisha, dakika kwa dakika, kama wagonjwa wawili kwenye benchi la zahanati, na jumla zetu hazikuachana sana. Nyingi za kwake zilikuwa kwenye gari linalojikokota. Nyingi za kwangu kwenye gari lililoegeshwa. Yeye ana cha kupiga picha.

"Lakini yangu bado ni jam," akasema. Nikamwachia hiyo.

Makanga wa basi la Busia naye alikuja kuipata ile picha, sijui kwa nani. Makundi ya huku hayana ukuta. Wiki iliyopita alinikalia pembeni baada ya kukusanya nauli. Mimi si mwalimu, lakini mtu yeyote mwenye miwani kwake ni mwalimu.

"Mwalimu, yale maneno ya ikweta nayataka nyuma ya gari."

Nikamwambia achukue, ila ajue maneno ya nyuma ya gari husomwa na anayekuja kwa kasi au aliyekwama. Aliyekwama ana muda, anayekuja kwa kasi hana, kwa hiyo yawe makubwa na mstari mmoja. Akatoa simu, akaniuliza herufi ngapi, akahesabu kwa midomo. Mchoraji wake hutoza kwa herufi.

"Raundabauti ni ndefu," akasema. "Itanimaliza."

Akafikiri mpaka tukapita Kisian. Kisha akagonga paa mara mbili, gari likasimama, akamshusha mzee mmoja na kuku wake, akaruka ndani na uso uliojaa ushindi.

"Nimepata. 'Ikweta nimevuka. Mkopo bado.'"

Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye nadhani naye ana gari la mkopo mahali, alicheka mpaka akakohoa. Nikamwomba makanga anilipe angalau nauli ya siku moja kwa wazo la kwanza. Akasema wazo la kwanza lilikuwa na herufi nyingi, na akanidai shilingi kumi ambazo nilikuwa sijamaliza kulipa tangu Luanda.